Kuhariri tafsiri ya mashine: karatasi ya vipimo ya pampu ya Kitaliano

Hapa Malindi karatasi za Kitaliano hazikosi. Waitaliano tumewazoea tangu walipoanza kurusha satelaiti Ngomeni mwaka 1967, na wengi wanaojenga huku huagiza pampu kutoka kwao. Karatasi ya vipimo hupitishwa kwenye programu ya kutafsiri, kisha mhariri huitwa "anyooshe Kiswahili". Kunyoosha ni kazi ya mwisho. Kabla yake kuna hizi, na mfano wangu ni pampu ya kuvuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tenki.

1. Anza na namba

Kitaliano hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato. `2.900 giri/min` ni mizunguko 2900 kwa dakika, si miwili na ushei, na `1,1 kW` ni kilowati 1.1. Ukishuku, kumbuka umeme wetu ni wa hezi 50: mota ya nguzo mbili huzunguka chini kidogo ya 3000, ya nguzo nne chini kidogo ya 1500. Namba iliyo mbali na hapo imeharibiwa njiani.

2. Kizio ndicho shahidi

Asili inasema:

```
Portata       6 m³/h
Prevalenza    32 m
Potenza P2    1,1 kW
```

Mashine ikatoa: "Masafa 6 m³/h, kuenea 32 m". Neno la kwanza linajifichua lenyewe, maana masafa hayapimwi kwa mita za ujazo kwa saa. Hicho ni kiasi cha maji kinachopita.

La pili ni gumu, kwa sababu mita zinakubaliana na "kuenea". Mhariri mwenye haraka atalipamba liwe "umbali wa kusambaza", sentensi isomeke vizuri, na fundi aamini pampu inafikisha maji mita 32 tu kwa ulalo. Maana yake ni kimo: urefu wa kupandisha maji pamoja na kinachopotea kwa msuguano ndani ya mabomba. Mimi huandika "kimo cha kusukuma". Kizio kikishindwa kuamua, piga hesabu ya nguvu inayoingia kwenye maji:

```
kW = m³/h × m ÷ 367
6 × 32 ÷ 367 = 0.52
```

Mota ni ya 1.1, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu yake inaingia kwenye maji. Kwa pampu ndogo hilo ni la kawaida, na kimo kimekubalika. Lau 32 ingekuwa shinikizo la bar, ingekuwa sawa na kimo cha mita 326 hivi, na maji peke yake yangedai zaidi ya kilowati 5. Ila chukua namba mbili za mstari mmoja wa jedwali. Kiasi cha juu kabisa na kimo cha juu kabisa havitokei pamoja, ukivizidisha utajidanganya.

3. Maneno yanayofanana na ya kwetu

`Viti di fissaggio M8, coppia di serraggio 25 Nm` ilirudi hivi: "Viti vya kufungia M8, wanandoa wa kukaza 25 Nm". Wanandoa watakuchekesha na utawaondoa. Viti ndivyo hupenya, maana kikagua tahajia hakina neno navyo. Hapa ni bolti, za spana ya 13, na Nm ni nguvu ya kuzungusha: "Bolti za kufungia M8, zikazwe kwa nguvu ya mzunguko ya 25 Nm". Vivyo hivyo `camera olio` ni chemba ya mafuta, haipigi picha.

4. Mchoro, kisha fundi

Majina ya vipuri yasawazishe kwa namba zilizo kwenye mchoro. `Cuscinetto` iliyokuja kama "mto" utaiona ni beringi, na `albero`, "mti", ni shafti. `Aspirazione` na `mandata` fuata mishale: maji yanakoingia na yanakotokea.

Mwisho tafuta kila "bomba". Mashine huiita pampu "bomba", na paipu pia huiita "bomba", na huku kwetu fundi ataelewa paipu. `Riempire il corpo pompa prima dell'avviamento` ilitafsiriwa "Jaza bomba kabla ya kuanza". Akijaza paipu tu, pampu huzunguka ikiwa kavu, na sili ya shafti, ambayo hupozwa na maji hayohayo, huungua. Andika: "Jaza maji ndani ya mwili wa pampu kabla ya kuiwasha".

Nilipomsomea fundi mstari huo aliuliza, "Sasa hayo maji natilia wapi?" Lilikuwa swali la haki. `Tappo di riempimento`, kizibo cha kujazia, kilikuwa kimeandikwa "kofia ya kujaza" kwenye orodha ya vipuri, bila namba. Nikakiongezea namba ya mchoroni.