Mapele ngozi: mambo ya kuzingatia kabla mvua za vuli hazijaanza

Wafugaji wenzangu wa Magu, Misungwi, Sengerema, Kwimba na nyie wa visiwani huku Ziwa Victoria, hii nawaandikia mapema makusudi, maana mapele ngozi huku kwetu yanafuata mvua. Mvua zikianza Oktoba, wiki mbili tatu baadae nzi na mbu wanakuwa wamejaa, na hapo ndo unaanza kusikia kwa fulani ng'ombe ametoka mapele. Ukisikia hivyo ndo ukatafuta chanjo umeshachelewa, nitaeleza kwa nini huko chini.

La kwanza, kaa na afisa mifugo wako Agosti. Usisubiri akufuate, mfuate.

La pili, uliza chanjo ipi. Hili watu wanalipita kama halina maana lakini linaumiza sana. Mtu anakwambia "ng'ombe wangu wamechanjwa wote, wana na hereni", ukimuuliza walichanjwa nini hajui. Ile kampeni ya kitaifa iliyozinduliwa 2025, kwa ng'ombe ilikuwa ni chanjo ya homa ya mapafu. Homa ya mapafu inaletwa na bakteria, mapele ngozi yanaletwa na kirusi cha jamii moja na kile cha ndui ya mbuzi na kondoo, ni vitu viwili tofauti kabisa. Ng'ombe anaweza kuwa na hereni mpya sikioni na bado akatoka mapele mwili mzima. Kwahiyo andika kwenye daftari: tarehe, jina la chanjo, ng'ombe gani. Ya mapele ngozi inarudiwa kila mwaka.

La tatu ni dalili, na hapa usisubiri mapele yenyewe. Ng'ombe anaanza na homa, joto linafika 40 mpaka 41, machozi yanatoka, makamasi, hataki kula, maziwa yanashuka ghafla, na tezi zinavimba hasa ile ya mbele ya bega. Sasa huku kwetu mtu akiona homa na tezi zimevimba anasema moja kwa moja ndigana kali, anakimbilia duka la dawa anachoma sindano ya ndigana, siku mbili tatu zinapita, vinundu vinatokeza shingoni, mgongoni, kwenye kiwele, miguuni. Vinundu vyenyewe ni vigumu, vya mviringo, sentimita 2 mpaka 5, ukishika unasikia vimeshika unene wote wa ngozi, sio kama vile vya kuumwa na mdudu vinavyovimba leo na kesho vimeshapotea. Vingine katikati vinakufa, vinakauka na kudondoka vinaacha shimo, na shimo hilo nzi akitaga unapata mafunza. Wengine wanavimba miguu na kidari mpaka wanashindwa kutembea. Wakitoka vidonda mdomoni na kooni ndo hatari zaidi, hawali na wanaweza kupata nimonia.

Dawa ya kuua hicho kirusi hakuna. Antibiotiki anayochoma afisa mifugo ni ya kuzuia bakteria wasiingie kwenye vidonda na mapafu, basi. Kwahiyo anayekuuzia "dawa ya mapele" ya chupa achana nae.

Sasa hili la nne ndo lililonifanya niandike. Kuna mfugaji upande wa Magu, shemeji yangu, ana ng'ombe 14, watatu kati yao wa maziwa, chotara. Agosti aliambiwa achanje akasema hela zinasubiri pamba, Septemba akasema hakuna ugonjwa bado. Novemba mwanzoni boma la ng'ambo ya barabara likatoka ng'ombe mmoja na mapele. Shemeji akashtuka, kesho yake akamleta mtu wa kuchanja, wakaswaga ng'ombe wote kwenye kibanio, sindano moja, 14 wote. Kipimajoto hakikutoka kwenye begi. Kwenye mstari kulikuwa na mtamba aliyekuwa amepoa tangu jana yake, hachezi na wenzake, mtoto anayechunga alisema kabisa "baba huyu hajala vizuri", akaambiwa atakula tu mbele ya safari, naye akachomwa.

Siku ya nne yule mtamba akatoka mapele. Siku ya kumi wakatoka wengine wanne. Ng'ombe wa maziwa aliyekuwa anatoa lita 9 akashuka mpaka 2, mwenye mimba ya miezi saba akaitupa, ndama mmoja akafa, na dume akavimba korodani. Shemeji akazunguka kijiji kizima anasema chanjo imemuulia ng'ombe, na mwaka uliofuata watu walipoambiwa wachanje nusu ya kijiji ikakataa. Unaona ubaya wake ulivyoenda mbali?

Tuliweke sawa hesabu. Kirusi kikishaingia kwa ng'ombe kinakaa kimya, mara nyingi kati ya siku 4 na 14, wakati mwingine mpaka wiki nne, ndo dalili zinatoka. Chanjo nayo inaanza kumpa ng'ombe kinga baada ya siku kama 10 na inakaa sawa baada ya wiki tatu. Kwahiyo yule mtamba alikuwa anaumwa tayari siku anachomwa, chanjo isingemsaidia. Wale wanne waliotoka siku ya kumi kinga yao ilikuwa haijakaa, na nzi walikuwepo wamejaa, na ile sindano moja ilipita kwa mtamba mgonjwa ikaenda kwa waliokuwa nyuma yake. Kipi kati ya hivyo kilimpata nani huwezi kujua, ila vyote vilikuwa wazi. Angechanja mwanzoni mwa Septemba, mvua zingemkuta kinga imeshakaa.

Ndo maana nasema rudi nyuma kwenye kalenda. Mvua Oktoba, toa wiki tatu za kinga, weka na wiki moja ya afisa kuchelewa au chanjo kukosekana dukani, unapata mwisho wa Agosti mpaka mwanzoni mwa Septemba. Na ugonjwa ukishatokea jirani kabla hujachanja, usikae tu, mwite afisa mifugo lakini kila ng'ombe apimwe joto kwanza, mwenye homa atolewe pembeni asichomwe, na kila mmoja na sindano yake mpya.

Kingine, chanjo yenyewe iko hai. Ikipigwa jua inakufa na hutaiona imekufa, itakuwa ni maji tu. Itoke dukani kwenye boksi lenye barafu, ikishachanganywa itumike ndani ya masaa machache yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, na bomba la sindano lisioshwe kwa spiriti wala dawa ya kuua vijidudu maana mabaki yake yanaiua chanjo. Chupa moja ina dozi nyingi, kwahiyo kusanyikeni majirani siku moja asubuhi, sio chupa izunguke na pikipiki mpaka jioni kwenye mfuko wa jaketi. Ndama ambao mama zao wamechanjwa wanapata kinga kwenye dang'a, hao wasubiri wafike miezi 3 mpaka 6 kama karatasi inavyosema, vinginevyo kinga ya mama inaizima chanjo.

Na ili usije ukasema maneno ya shemeji: wachache wakichanjwa huvimba pale pa sindano, wengine homa kidogo na maziwa kushuka siku chache, wachache sana hutoka vinundu vidogo vya juujuu vinavyopotea ndani ya wiki mbili tatu bila kuacha shimo, na ng'ombe anaendelea kula. Akitoka makubwa yaliyoshika ngozi yote, kanywea na tezi zimevimba, huo ni ugonjwa wenyewe, mwite afisa haraka.

Haya, nzi. Mwenye kesi kubwa ni yule nzi wa zizini anayefanana na nzi wa kawaida ila ana mdomo mgumu umechomoza mbele. Anapenda miguu. Ukiona ng'ombe wanakanyagakanyaga chini, wanapigapiga mkia, wanajikusanya pamoja au wanakimbilia kusimama kwenye maji ziwani mchana, jua amezidi. Kuuma kwake kunauma sana, ng'ombe anamfukuza kabla hajashiba, anaruka kwa wa pili kumalizia, na damu ya mgonjwa iko bado mdomoni. Mbu nao wanabeba, na kupe pia.

Huyu nzi anataga kwenye samadi iliyochanganyika na mabaki ya majani na mkojo, na sisi wa kando ya ziwa tuna na magugu maji yaliyovutwa nchi kavu yakaachwa yanaoza. Kwenye joto letu yai linakuwa nzi ndani ya wiki mbili tatu, kwahiyo ukitoa samadi na mabaki ya malisho kila wiki unamkatisha njiani. Tandaza yakauke au lundika mbali ufunike vizuri. Moshi wa jioni wazee wetu waliotumia unasaidia kuwapunguza, uendelee, ila peke yake hautoshi.

Halafu angalia dawa unayoogeshea. Wengi tunatumia amitrazi kwa ajili ya kupe, kwa kupe ni nzuri, ila kwa nzi haina nguvu ya maana. Nzi wanataka dawa za jamii ya saipamethrini au deltamethrini, ya kupulizia au ya kumwagia mgongoni, na ukipulizia usiishie mgongoni, shuka kwenye miguu na tumboni ndo anakokaa. Hizo dawa zinaua samaki vibaya sana, usisuuze bomba ziwani wala kwenye mto unaoingia ziwani.

Ng'ombe wa mnadani asiingie moja kwa moja kundini hata kama ana kibali. Mtenge siku 28, mbali na zizi, na uwe umempaka dawa ya nzi siku ya kwanza. Kama unaweza, nunua aliyechanjwa zaidi ya wiki nne zilizopita na uone daftari. Dume la kuazima msimu wa ugonjwa usilete, kirusi kinakaa kwenye mbegu zake wiki nyingi hata mapele yakishapona.

Akitoka mgonjwa, mtenge, maji na majani laini yawe karibu nae, toa taarifa, usimkimbize mnadani kumuuza. Magamba yanayodondoka yachome au fukia, kirusi kinaweza kukaa humo zaidi ya mwezi, na ngozi ya aliyekufa usiuze. Binadamu haumwi huu ugonjwa, msiogope kumhudumia, ila maziwa ya ng'ombe aliyechomwa antibiotiki yamwage mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Na watoto wanaochunga waambieni wakisema "huyu hajala vizuri" wasikilizwe siku hiyohiyo.