Kusitisha Uanachama wa Jimu Ujerumani: Hakikisha Barua Imefika

Kwetu ukiacha kulipa jimu, mambo yameisha. Hapa Ujerumani mkataba unaendelea hata kama hujakanyaga pale tangu mwaka jana, na akaunti inaendelea kukatwa.

Niliandika notisi ya mwezi mmoja, nikaituma kwa posta ya kawaida. Jimu wakasema hawajaiona, wakakata mwezi uliofuata na mwingine tena. Sheria ya hapa inamtaka aliyetuma ndiye athibitishe kwamba barua ilifika. Kumbuka: kinachohesabiwa ni siku ilipowafikia, si tarehe uliyoandika juu yake.

Mkataba uliofungwa tangu tarehe 1 Machi 2022, muda wake wa kwanza ukishapita, unaweza kuusitisha wakati wowote kwa notisi isiyozidi mwezi mmoja. Tuseme ada ni yuro 30, hukatwa kila tarehe 1. Barua ikiwafikia tarehe 28 Mei, mkataba unaisha tarehe 28 Juni. Makato ya mwisho ni ya tarehe 1 Juni, yuro 28 kwa siku 28. Ikikwama posta ikafika tarehe 3 Juni, mwisho unasogea hadi tarehe 3 Julai, na Julai watakudai siku tatu. Kwa hiyo andika, kwa Kijerumani, maneno ya namna hii:

"Nasitisha uanachama wangu, namba fulani, ifikapo tarehe 28 Juni, au siku ya karibu zaidi inayoruhusiwa. Makato ya mwisho yawe ya tarehe 1 Juni. Baada ya hapo naondoa ruhusa ya kukata akaunti yangu. Naomba mnithibitishie kwa maandishi tarehe ya mwisho."

Barua pepe inatosha. Afadhali zaidi, kama ulijiunga au unaweza kujiunga kwenye tovuti yao, tafuta kitufe cha "Verträge hier kündigen", yaani "sitisha mikataba hapa". Tangu Julai 2022 wanalazimika kukiweka, na ukibonyeza wakutumie uthibitisho papo hapo wenye saa na tarehe. Wasipokiweka, unaweza kusitisha bila notisi. Ukituma karatasi, tumia posta ya rejista na utunze risiti.

Ndugu zangu, msiridhike na "sawa, tumekuelewa" ya mapokezi. Kijana yule ni mpole kweli, lakini kesho hayupo zamu. Jamii hii inaamini maandishi kuliko sura ya mtu, na kwa maoni yangu hilo humlinda mgeni asiyejuana na yeyote, mradi ayatunze.

Wala msikimbilie kuzuia malipo benki mkidhani mmejitoa. Deni linabaki, na watu wa kukusanya madeni huongeza gharama zao juu yake. Subirini makato halali ya mwisho. Wakikata tena baada ya mkataba kuisha, ndani ya wiki 8 iambieni benki irudishe pesa, kisha watumieni jimu nakala ya uthibitisho.