Pima friza lako kwanza, ndipo ununue sola

Shangazi yangu anauza sato wa kugandisha pale Kirumba, Mwanza. Mwaka huu aliamua kuweka sola kwa ajili ya friza tu, kwa sababu umeme ukikatika mchana kutwa samaki wake wanalegea. Fundi wa kwanza alisoma kibandiko cha nyuma, akaona wati 150, akazidisha kwa saa 24 akapata uniti 3.6 kwa siku. Fundi wa pili alichomeka mita, akaitazama kwa nusu saa, akasema friza halili kitu. Bei zao zilipishana mara tatu. Tukaamua kupima wenyewe, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Mita

Tafuta mita ya kuchomeka inayoonyesha W, kWh na PF, yaani ni sehemu gani ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, na inayotunza hesabu umeme ukikatika. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko mengine yote. Kuna mita zenye betri ndogo ya kidonge ndani, na betri hiyo ikifa, umeme ukikatika hesabu inarudi sifuri. Ijaribu kabla hujaanza: pasha pasi ya nguo mpaka kWh isome 0.05 hivi, chomoa mita, kaa dakika tano, chomeka tena. Ikisoma sifuri, badilisha betri au rudisha mita dukani.

Mita nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, wakati soketi zetu ni za miguu mitatu bapa. Mimi sikubali adapta inayochezacheza kwenye kipimo cha siku nne. Ikilegea inapata moto, na kompresa inazimika na kuwaka hovyo. Tafuta mita yenye plagi ya kwetu tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Chomeka

Mita kwenye soketi ya ukutani, friza kwenye mita. Friza libaki palepale linapokaa siku zote, na kitufe cha baridi kisiguswe.

Hatua ya 3: Muda wa kupima

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Friza halili umeme mfululizo. Kompresa inawaka, inavuta, inazima, inapumzika. La shangazi likiwaka linasoma wati 115, likipumzika linasoma wati 2. Aliyetazama wakati wa kupumzika anaona friza la ajabu lisilokula kitu, na huyo ndiye yule fundi wa pili. Usiandike wati. Andika kWh, nayo ni ile ile uniti ya LUKU.

Mara ya kwanza nilianza kupima Jumatano saa 1 jioni, nikasoma Alhamisi saa 1 jioni. Katikati, umeme ulikatika saa 6 mchana ukarudi saa 11 jioni. Mita ilisoma 0.98. Nikajiambia: umeme ulikuwepo saa 19 tu, basi nigawe kwa 19 nizidishe kwa 24, nikapata kama 1.24. Kumbe njia yenyewe ilikuwa mbovu. Friza likikaa saa tano bila umeme linapata joto, na umeme ukirudi kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka irudishe baridi iliyopotea. Kwa hiyo deni la zile saa tano linalipwa baadaye. Ukisubiri mpaka lilipwe lote, kWh iliyosomeka ni karibu sawa na ya siku isiyokatika, na wala hupaswi kuzidisha chochote. Ukisoma kabla halijalipwa, umepata pungufu, na hakuna kuzidisha kutakakolitengeneza, kwa sababu hujui limebaki kiasi gani. Mimi nilisoma kompresa ikiwa inanguruma tangu saa 11.

Namna ya kujua ni sikio tu. Anza kupima pale kompresa inapozima: bonyeza RESET, andika saa. Malizia pia pale kompresa inapozima, kesho yake, kwenye saa zilezile au karibu. Kama umeme ulikatika, ngoja mpaka kompresa izime na kuwaka angalau mara mbili ndipo usome. Hata kama utamaliza saa 26 badala ya 24, hapo unagawa kwa 26 na kuzidisha kwa 24 bila wasiwasi.

Jambo la pili lilinikamata vilevile. Siku ile nilipima friza likiwa na samaki walioganda tayari. Shangazi ananunua sato Mwaloni alfajiri ya Jumanne na Ijumaa, kama kilo 15, wabichi na wenye joto la hewa. Kugandisha maji yaliyo ndani ya samaki kunakula umeme kuliko kuwatunza wakishaganda. Nilipomwambia nimemaliza akaniuliza, "Mwanangu, mbona hujapima siku ya samaki?" Alikuwa sahihi. Tukapima siku nne mfululizo, Jumatatu hadi Alhamisi:

Jumatatu 1.2, Jumanne 2.3, Jumatano 1.4, Alhamisi 1.2.

Ile Jumanne ni karibu mara mbili ya siku ya kawaida. Wastani wa siku nne ni 1.5, lakini siku ya samaki ndiyo ambayo mfumo ukishindwa, mali inaharibika. Nilichukua 2.3.

Hatua ya 4: Kutoka kwenye mita hadi paneli

Mita inaona kinachotoka kwenye soketi tu. Haioni inachokula inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Nilikadiria inveta inapoteza sehemu moja ya kumi, na inakula wati 15 usiku na mchana hata friza likiwa limepumzika:

```
2.3 / 0.9        = 2.56
15 W x 24 / 1000 = 0.36
jumla            = 2.9 kWh kwa siku
```

Kwa Mwanza napiga hesabu ya saa 4.5 za jua kali kwa siku. Miezi mingi jua linazidi hapo, ila sitaki mfumo unaotegemea siku nzuri. Vumbi, joto la bati na waya vinakula robo:

```
2.9 / (4.5 x 0.75) = 0.86 kW
```

Paneli mbili za wati 450 zinatosha. Betri inabeba kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, saa 15, yaani kama 1.8 kWh. Betri ya lithiamu ya volti 24, Ah 100, inatoa hiyo bila kukamuliwa hadi mwisho. Haitoshi kwa siku mbili za mawingu mfululizo. Shangazi analijua hilo, na siku hizo anarudi kwenye LUKU. Tungetumia kile kipimo cha 1.2, tungenunua paneli za kama 0.5 kW tu, na kila Jumanne usiku betri ingezima.

Hatua ya 5: Inveta

Mita ilionyesha PF 0.62, kwa hiyo gawa wati 115 kwa 0.62: inveta inatakiwa itoe kama VA 185. Hiyo ni ikishawaka. Wakati wa kuwaka, kompresa inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi kuliko mita inavyoweza kuona, hivyo usiamini MAX ya kwenye kioo. Sisi tulichukua ya wati 1000 iliyoandikwa PURE SINE WAVE, yaani umeme wake una wimbi laini kama wa ukutani. Kabla ya kulipa tulimwomba muuzaji aje nayo nyumbani pamoja na betri. Tulizima friza, tukangoja dakika kumi ili presha ya gesi ishuke, tukaliwasha kupitia inveta, na tukarudia hivyo mara tatu. Kompresa ikiguna bila kuwaka, au inveta ikipiga kengele na kuzima, inveta hiyo hainunuliwi.