Kabla ya kununua kiti cha mtoto cha gari: ISOFIX hushika kiti, mwelekeo hulinda shingo

Shemeji yangu alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya viti viwili asijue achukue kipi. Mwanawe ana miezi 16 na uzito wa kilo 11. Kiti cha kwanza kilikuwa cha kutazama mbele, chenye ISOFIX. Cha pili kilikuwa cha kutazama nyuma, ila hicho hufungwa kwa mkanda wa gari. "Hiki cha ISOFIX si ndicho salama zaidi, shemeji?" Nilimwambia asilipe kwanza, maana alikuwa analinganisha vitu viwili vyenye kazi tofauti. ISOFIX ni namna ya kukishika kiti kwenye gari. Kutazama nyuma ni namna ya kuupokea mwili wa mtoto gari linapogonga. Kiti kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili, au kimoja tu, na ukilazimika kuchagua lazima ujue unaacha nini.

Tuanze na ISOFIX. Ukipenyeza vidole kwenye mwanya ulio kati ya kiegemeo na kikalio cha siti ya nyuma, utagusa vyuma viwili vyembamba, unene wa milimita 6, vilivyoachana sentimita 28. Vimeunganishwa na bodi ya gari lenyewe. Kiti cha mtoto nacho kina mikono miwili yenye kufuli, unaisukuma mpaka kila mmoja ulie "ka!" na alama yake igeuke kutoka nyekundu kuwa kijani. Kiwango hiki kilichapishwa mwaka 1999 kwa jina la ISO 13216, na shida iliyokizaa ilikuwa ya kawaida kabisa: wazazi walikuwa wakikosea kufunga viti kwa mkanda. Mkanda ulipitishwa pasipostahili, au uliachwa umelegea, na mzazi akaondoka akiamini amefunga.

Kulegea huko ndiko kunakoumiza. Gari likigonga, pua yake hubonyea, na ule muda wa kubonyea ndio unaolipunguzia kasi taratibu kidogo. Kiti kilichoshikamana na bodi huanza kupunguza kasi pamoja na gari. Kiti kilicholegea huendelea mbele kwa kasi ileile ya mwanzo, kisha mkanda unapokaza hukamatwa kwa ghafla, wakati gari limeshatumia sehemu kubwa ya nafasi yake ya kusimama. ISOFIX inaondoa kuchelewa huko na kupunguza makosa ya mikono yetu. Lakini kazi yake inaishia kwenye gamba la kiti. Kinachompata mtoto ndani ya gamba hilo ni habari nyingine.

Chukua gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa likagonga ukuta, na tuseme linasimama ndani ya sentimita 65 za kubonyea. Hesabu inatoa mpunguo wa kasi wa wastani ulio kama mara 15 ya nguvu ya uvutano. Kichwa cha mtoto wa kilo 11 kina kilo 2.5 hivi, kwa hiyo katika mshtuko huo kinavuta kwenda mbele kama mzigo wa kilo 37, na huo ni wastani tu, kilele chake huwa juu zaidi. Akiwa ametazama mbele, mikanda inayakamata mabega na nyonga zake sawasawa. Kichwa hakijakamatwa na chochote. Kinatupwa mbele, na kinachokizuia kisiende ni shingo peke yake.

Shingo hiyo bado haijakomaa. Pingili za mgongo wa mtoto wa umri huu hazijawa mfupa mzima. Zina vipande vilivyounganishwa kwa gegedu, na huchukua miaka kadhaa kushikana. Kano zake nazo ni laini. Mifupa na kano vinaweza kuvutika, lakini uti wa mgongo uliomo ndani hauvumilii kuvutwa namna hiyo. Hapo utaona kwa nini ISOFIX haimwokoi: hata kiti kikishikwa kama kimechomelewa, kifua kitasimama na kichwa kitaendelea.

Mgeuze mtoto huyo atazame nyuma, uone mgongano uleule wa mbele. Sasa mwili wote unasukumwa kwenye gamba. Kichwa, shingo, mgongo na nyonga vinaegemea kwa pamoja, vinapunguza kasi kwa pamoja, na shingo haiachiwi kukivuta kichwa. Nguvu ni ileile, ila imetandazwa kwenye eneo pana la mgongo badala ya kubebwa na mikanda miwili na shingo. Wazo hili alilifanyia kazi Bertil Aldman wa Uswidi katika miaka ya 1960, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini walivyolazwa chali ili mgongo upokee msukumo wa roketi. Huko Uswidi hadi leo kuna jaribio la hiari liitwalo Plus Test linalopima mvuto wa shingo, na viti vinavyofaulu ni vya kutazama nyuma.

Kwa hiyo nilimwambia shemeji: kati ya hivyo viwili, chukua cha kutazama nyuma, kwa sharti kwamba kitakubali kufungwa vizuri kwenye gari lako. Akaniambia muuzaji amesema sheria inaruhusu mtoto wa umri huo kutazama mbele. Ni kweli. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, ile ya viti vyenye alama ya i-Size, inakataza kumgeuza mtoto mbele kabla ya kupita miezi 15. Lakini huo ni mpaka wa chini, nao haumaanishi kwamba siku ya pili yake shingo imekomaa. Mtoto aendelee kutazama nyuma mpaka afikie kikomo cha urefu au uzito kilichoandikwa kwenye kiti chake.

Sharti nililotaja ndilo linalohitaji kazi kabla ya pesa kutoka mfukoni. Viti vya kutazama nyuma hula mkanda mwingi, kwa kuwa unalizunguka gamba lote, na kuna magari ambayo mkanda wa siti ya nyuma hautoshi. Omba kukijaribu ndani ya gari lako mwenyewe. Angalia pia kifungio cha mkanda: kama shina lake ni refu mno, linaweza kuishia kwenye kona ya kiti na kukunjika pale, na mkanda hautakaza hata uvute vipi.

Kama gari lako lina vyuma vya ISOFIX na umepata kiti cha kutazama nyuma kinachovitumia, vizuri zaidi, ila vyuma viwili peke yake havitoshi. Vikiwa viwili tu, kiti kinaweza kupinduka kikivizunguka kama mlango kwenye bawaba. Ndiyo maana kuna nguzo ya tatu. Kwa viti vingi vya kutazama nyuma ni mguu unaoteremka mpaka sakafuni, na mguu huo lazima ukanyage sakafu ngumu. Magari mengine yana kisanduku cha kuwekea vitu chini ya zulia, mahali hasa mguu unapotua. Mfuniko wake unaweza kupasuka kwenye mgongano. Kitabu cha gari husema kama panaruhusiwa au panahitaji kujazwa kwanza. Kwa viti vya kutazama mbele, nguzo hiyo mara nyingi ni mkanda wa juu unaonaswa nyuma ya siti au kwenye buti. Niliwahi kukuta umenaswa kwenye kijipete cha kufungia mizigo, mwenye gari akiwa na amani kabisa moyoni. Pete sahihi huwa na alama ya nanga.

Kuna na suala la uzito, ambalo wengi hawalisomi. Viti vya ISOFIX ambavyo mikanda ya mtoto imeshonwa humohumo vinahesabiwa pamoja na mtoto: jumla isizidi kilo 33 chini ya kanuni ya 129. Kiti cha kilo 15 kinamwachia mtoto kilo 18. Hii ndiyo sababu baadhi ya viti vikubwa vya kutazama nyuma, vile vinavyomchukua mtoto mpaka kilo 25, hufungwa kwa mkanda wa gari bila ISOFIX. Watu huvidharau wakidhani ni vya kizamani.

Siti ya mbele yenye mfuko wa hewa haina mjadala. Gamba la kiti cha kutazama nyuma huwa karibu sana na dashibodi, na mfuko ukifumuka hulipiga moja kwa moja nyuma ya kichwa cha mtoto. Kama hakuna njia ya kuuzima mfuko huo, kiti hakikai hapo hata kwa safari ya dakika mbili.

Miguu, je? Shemeji naye aliuliza, kama wanavyouliza wote. Mtoto anaikunja, anaipandisha kwenye kiegemeo, anakaa kama alivyozoea kukaa sakafuni. Kinachoonyesha kwamba kiti kimekuwa kidogo ni kichwa: kwa viti vingi vya kutazama nyuma, utosi ukikaribia ukingo wa juu wa gamba, wakati wake umekwisha.

Alikinunua cha mkanda. Jioni tulikifunga pamoja, na mara ya kwanza kilicheza huku na huku nilipokishika pale mkanda unapopita. Tulikuwa tumefuata mshale mwekundu, ambao kwenye kiti kile ni wa kutazama mbele. Wa bluu ndio wa nyuma. Tukafungua, tukaanza upya, nikaweka goti kwenye kiti huku yeye akivuta mkanda, na safari hii hakikusogea zaidi ya kidole. Kisha tukamweka mtoto, tukamvua sweta lake nene ambalo lingeacha nafasi chini ya mikanda, tukashusha mikanda ya mabega mpaka itokee chini kidogo ya mabega yake, tukakaza. Nilijaribu kuufinya mkanda begani ili nipate mkunjo kati ya vidole viwili. Haukufinyika.