Kuchagua sekyuriti ya wai-fai kwenye rauta: nilivyofanya kwenye gesti moja Ligula

Msimu wa korosho uliopita niliitwa na mama mmoja mwenye gesti hapa Mtwara, maeneo ya Ligula, akaniambia kijana wangu wai-fai inakokota na vyumba vimejaa, wanunuzi wananilalamikia. Nikajua nitakuta bando limeisha. Kumbe sio, shida ilikuwa kwenye setingi ya usalama, sehemu ambayo watu wengi hata hawaifungui.

Anza kwa kuangalia una nini. Kama una laptopu ya Windows iliyounganishwa na hiyo wai-fai, fungua Command Prompt uandike hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tafuta mstari wa Authentication na wa Cipher. Mimi nilikuta WPA2-Personal nikafurahi, kushuka chini Cipher, yaani njia ya kufunga data, imeandika TKIP ambayo ni ya kizamani, furaha ikaisha. Inayotakiwa pale ni CCMP, ambayo ndiyo AES yenyewe kwa jina lingine.

Sasa ingia kwenye rauta. Kwenye brauza andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani na paswedi ya kuingilia huwa kwenye stika chini ya rauta. Nenda Wireless, halafu Security. Utakuta orodha, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, wanachagua tu yenye jina refu.

WEP ni ya 1997, mtu mwenye laptopu ya kawaida anaivunja kwa dakika chache, usiiguse. WPA yenye TKIP ilitoka 2003 kama kiraka tu, ili vifaa vya enzi ya WEP visitupwe. WPA2 yenye AES ni ya 2004 na bado inafaa. WPA3 ni ya 2018, hiyo ndiyo bora kama rauta yako inayo.

Mtego uko kwenye ile iliyoandikwa WPA/WPA2 au TKIP+AES. Mama wa watu aliwekewa hiyo na fundi aliyetangulia, nadhani alitaka kila kifaa kikubali asisumbuliwe. Ukiiweka, yale matangazo ambayo rauta inayatuma kwa wote kwa mpigo yanafungwa kwa TKIP hata kama simu yako ni ya AES, kwa sababu lazima yule mzee wa zamani naye asikie. Halafu kifaa kikishaingia kwa TKIP spidi yake haivuki Mbps 54, hata rauta iwe mpya namna gani. Ndo hivyo laptopu ya mapokezi ilikuwa inajikokota.

Rauta ilikuwa na WPA3, nikaweka WPA3-Personal moja kwa moja, nikasevu. Simu mpya zikaingia, printa ya mapokezi ikapotea hewani, na simu mbili za wahudumu zikawa zinauliza paswedi tu mpaka basi. Nikarudisha WPA2/WPA3, simu zikarudi, printa ikagoma vilevile. Printa nyingine za zamani huo mchanganyiko haziuelewi kabisa, usikae unabishana nazo.

Nilichofanya ni kutenganisha mawimbi mawili ambayo rauta inarusha. GHz 5 nikaipa WPA3 peke yake, wageni na laptopu wakae huko. GHz 2.4 nikaipa WPA2-PSK [AES], ambayo ndiyo ileile WPA2-Personal, jina lingine na paswedi nyingine, hiyo ya printa na simu za zamani. Bado laptopu inaprinti bila shida maana rauta ni ileile.

Kwa nini paswedi tofauti? Kwenye WPA2 mtu akikaa nje ya geti ananasa zile salamu simu inazopeana na rauta wakati inaunganisha, anaenda nazo kwake, anakisia paswedi usiku kucha bila wewe kujua. WPA3 haimruhusu, kila kisio lazima alifanye papo hapo na rauta yenyewe. Ukitumia paswedi moja pande zote mbili, akiipata ya WPA2 kashaingia na WPA3. Kwa hiyo ya upande wa 2.4 nilifanya ndefu, maneno manne yasiyohusiana, sio jina la gesti na mwaka kama ilivyokuwa.

Ukiwa humohumo zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika paswedi. PIN yake ina tarakimu nane lakini rauta inaikagua kwa vipande viwili, kwa hiyo anayejaribu anahitaji majaribio kama 11,000 tu, na paswedi yako ndefu inakuwa haina kazi.

Ukimaliza, kwenye kila simu isahaulishe wai-fai ya zamani ndipo uunganishe upya, la sivyo nyingine zinang'ang'ania setingi ya jana. Rudia ile komandi kwenye laptopu. Kwa yule mama ilitoka WPA3-Personal na CCMP, nikampigia picha skrini nikamtumia Watsapu, akajibu, sasa mwanangu, mbona printa inatoa karatasi nyeupe? Wino ulikuwa umeisha.