Sombe kwa oda, si kwa kubahatisha

Ndugu Mkongomani uliye Kampala, ukitafuta biashara ya mtaji mdogo, anza na sombe. Hapa wakulima wengi huvuna muhogo na kuyaacha majani, kwa hiyo bei yake ni nafuu. Chuma machanga, toa vikonyo, twanga mpaka yalainike, kisha chemsha muda mrefu bila kufunika ili sumu ya muhogo itoke na mvuke. Ukionja uchungu, endelea kuchemsha.

Usitwange kabla ya oda! Sombe huchacha upesi kwenye joto, na hapo ndipo mtaji huishia. Funga oda Ijumaa jioni. Wateja 20 wa nusu kilo ni kilo 10: twanga hizo tu Jumamosi alfajiri, uwapelekee akina mama wa Nsambya na Katwe siku hiyohiyo.