Somo: Opsheni zako zina uzito wa hisa kiasi gani?

Tuchukue akaunti ya dola 40,000 kwenye soko la Marekani, ambako mkataba mmoja wa opsheni za hisa kwa kawaida hubeba hisa 100. Mwenye akaunti amenunua koli 3 za Apple, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, ambayo ndiyo bei ya mkataba. Muulize amejiingiza kiasi gani, atakwambia dola 2,490, maana ndizo alizolipa. Mwingine atapiga hesabu ya hisa 300 kwa dola 200 kila moja, aseme dola 60,000. Hakuna aliyedanganya, lakini hakuna anayeweza kukwambia akaunti itapungua kiasi gani Apple ikishuka dola moja kesho.

Anayeweza ni delta. Koli yenye delta ya 0.55 husogea kama senti 55 hisa ikisogea dola moja. Kwa hiyo koli zile tatu, kwa sasa hivi, zinatembea kama hisa 165, na hisa 165 kwa dola 200 ni dola 33,000. Hiyo ndiyo nitaita uzito wa delta, na ndiyo tutakayoiwekea kikomo. (Bei na delta zote humu ni za mfano, mikataba ikiwa na siku kama 45 kabla ya kuisha.)

Hatua ya 1: Andika kila ulicho nacho, na alama yake

Ulichonunua kina idadi chanya, ulichouza kina idadi hasi. Koli ina delta chanya; puti, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei ya mkataba, ina delta hasi. Ukiuza puti, hasi kwa hasi inakupa chanya, na ndivyo inavyopaswa kuwa: aliyeuza puti anaombea hisa ipande.

Mfuko wetu wa mfano uko hivi. Kuna hisa 150 za Coca-Cola kwa dola 70. Hisa yenyewe ina delta ya 1. Kuna zile koli 3 za Apple za bei ya mkataba 200. Kuna puti 2 za Apple za 185 zilizouzwa, delta -0.20. Mwisho kuna puti 1 ya 580 iliyonunuliwa kama kinga kwenye SPY, mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, delta -0.25, SPY ikiwa dola 600.

Hatua ya 2: Zidisha

Kwenye jedwali, weka idadi safu ya B, hisa kwa mkataba safu ya C (100 kwa opsheni, 1 kwa hisa tupu), delta safu ya D na bei ya hisa safu ya E. Fomula ya kwanza hapa chini inakaa F2 na kunakiliwa hadi F5; ya pili, ya jumla, inakaa F6.

```
=B2*C2*D2*E2
=SUM(F2:F5)
```

Bei inayoingia safu ya E ni ya hisa ilivyo sokoni sasa. Si bei uliyolipia opsheni, wala si bei ya mkataba. Coca-Cola inatoa 10,500, koli 33,000, puti za kuuzwa 8,000, na kinga inatoa -15,000. Jumla ni 36,500.

Kosa linaloharibu hesabu hii mara nyingi liko safu ya D. Baadhi ya skrini za madalali zinaonyesha delta ya mkataba mmoja kwa hisa moja. Nyingine zinaonyesha ya nafasi nzima, tayari imezidishwa kwa idadi na kwa 100, na alama imeshageuzwa. Ukichukua ya pili ukaizidisha tena, utapata namba za kuchekesha. Kabla ya kuamini jedwali, angalia mstari wa puti uliyouza: ukitoka hasi, alama imegeuzwa mara mbili.

Hatua ya 3: Leta kila kitu kwenye kipimo kimoja

Hapo juu tumejumlisha dola za Coca-Cola na dola za Apple kana kwamba zinatembea pamoja. Hazitembei. Siku soko zima linaposhuka asilimia 1, Coca-Cola kwa kawaida hushuka karibu nusu yake au chini ya hapo, na Apple huwa inazidi. Kipimo cha tabia hiyo ni beta. Tukitumia 0.5 kwa Coca-Cola, 1.2 kwa Apple na 1 kwa SPY, tunapata 5,250 na 49,200, tukitoa 15,000. Jumla inakuwa 39,450.

Tafsiri yake ni nyepesi: soko likisogea asilimia 1, akaunti inasogea kama dola 395. Kwenye programu ya biashara ya thinkorswim kuna kisanduku cha `Beta Weighting` kinachofanya kazi hii, lakini mtu afanye kwa mkono walau mara moja ili ajue namba inatoka wapi.

Hatua ya 4: Weka kikomo

Mimi nachukua asilimia 100 ya akaunti: mfuko wenye opsheni usitembee kwa nguvu kuliko ambavyo ungetembea fedha zote zikiwa kwenye fahirisi. Sijabuni kitu cha ajabu. Mifuko ya uwekezaji ya Ulaya iliyo chini ya kanuni za UCITS, ikitumia njia ya kugeuza opsheni kuwa hisa kwa delta, hairuhusiwi mzigo wa ziada wa derivati uzidi thamani halisi ya mfuko. Wewe unaweza kuchagua 70 au 50. Mfuko wetu uko kwenye 39,450 kati ya 40,000, yaani umejaa. Koli nyingine hata moja haiingii.

Hatua ya 5: Pima tena soko likiwa limeshuka

Wengi wanaishia hatua ya nne, na mimi naona ni hatari kuishia pale. Delta si namba iliyogandishwa. Inabadilika bei inapobadilika.

Chukua akaunti ya pili ya dola 40,000. Hii haina kingine ila puti 8 za Apple za 185 zilizouzwa. Nane kwa 100 kwa 0.20 kwa 200 ni 32,000. Kwa beta ya 1.2 ni 38,400. Kwa hatua ya nne, akaunti hii ni salama zaidi kidogo kuliko ya kwanza. Dalali naye hatakataa: kwa kanuni ya kawaida ya dhamana ya Marekani, unatakiwa kuweka asilimia 20 ya bei ya hisa, inatolewa tofauti kati ya bei hiyo na bei ya mkataba, inaongezwa bei ya opsheni. Hapa ni kama dola 27 kwa hisa, au dola 21,600 kwa zote. Fedha ipo na inabaki.

Sasa shusha soko asilimia 5 kwa siku moja, Apple ifike 188, SPY 570. Kikokotoo cha opsheni cha dalali kitakupa delta mpya. Kwenye akaunti ya kwanza, koli zinalegea hadi kama 0.30, puti za kuuzwa zinakaza hadi 0.40, lakini kinga ya SPY nayo inaamka hadi -0.55. Ukijumlisha kwa beta unapata kama 12,100. Mfuko umejipunguza wenyewe.

Akaunti ya pili inapanda hadi kama 72,200. Apple ikifika 175, delta ya puti inakaribia -0.68 na uzito unafika 114,000 hivi, wakati akaunti yenyewe imeshapungua hadi kama 31,000. Mwenye nayo sasa amebeba karibu mara nne ya alicho nacho, na hajabonyeza kitufe chochote.

Kwa hiyo kikomo kinakuwa na sehemu mbili: uzito wa sasa usizidi 100%, na uzito baada ya soko kushuka asilimia 5 na asilimia 10 nao usizidi kiwango ulichokiandika mapema. Mimi naweka 120. Akaunti ya pili ingekataliwa hapo hapo. Puti 8 zingekuwa 5 kwa kushuka kwa asilimia 5, na chache zaidi kwa 10.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nikipitisha kikomo huwa nakisia tu nifunge mikataba mingapi. Kuna njia ya uhakika?*

Marahaba. Tafuta uzito wa mkataba mmoja, halafu gawanya ziada kwa huo. Koli moja ya Apple kwenye mfano ni 100 × 0.55 × 200, yaani 11,000, na kwa beta 13,200. Ukiwa umezidi kwa 12,000, funga koli moja. Ila kama kilichozidi ni kile kipimo cha hatua ya tano, usifunge koli, funga puti ulizouza. Koli zinajipunguza zenyewe soko likishuka, puti ndizo zinazokua.

*Kaka, nina Apple ya kununua na SPY ya kuuza, jumla yangu ni sifuri kabisa. Si nimemaliza hatari?*

Hapana ndugu yangu. Umeondoa hatari ya soko zima kusogea. Apple ikitoa matokeo mabaya usiku huku SPY imetulia, upande mmoja unaumia na mwingine hausaidii. Ndiyo maana mbali na jumla, weka kikomo cha jina moja moja. Kwenye mfuko wa somo, Apple peke yake ni 41,000 kabla ya beta; hiyo ni zaidi ya akaunti nzima, na jumla nzuri ya chini imeificha. Mimi nisingeiacha hivyo.

*Nipime saa ngapi? Mimi niko Mwanza na delta za asubuhi huwa naona hazieleweki.*

Asubuhi kwetu soko la New York limefungwa, unaona mabaki ya jana. Linafunguliwa saa 10:30 jioni wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 11:30 jioni wakiwa kwenye za baridi. Subiri nusu saa bei zitulie ndipo usome. Kama wewe ni mtu wa kuchelewa kulala, pima tena kabla halijafungwa saa 5 au saa 6 usiku, kwa sababu ule ndio uzito utakaolala nao.

*Na opsheni zinazoisha leo leo, nazo naziweka kwenye jedwali hilohilo?*

Weka, lakini usiamini delta yake. Koli ya 200 siku ya mwisho, hisa ikiwa 199.50, inaweza kuonyesha 0.35. Saa mbili baadaye ni sifuri au inakaribia 1. Hakuna maana ya kuandika namba ya katikati ambayo haitadumu. Kwa siku ya mwisho, mimi naandika 1 kwa koli niliyonunua, -1 kwa puti niliyouza, na naandika 0 kwa kinga ninayotegemea inilinde. Jedwali likikubali kwa hesabu hiyo kali, naiacha. Likikataa, nafunga mkataba mchana wao, nisisubiri kengele.